Maji yakizidi chumvi: jinsi sodiamu ya chini inavyovuruga akili

Asubuhi ya Jumatano, katika nyumba moja mtaani Umoja, Nairobi, mama mzee wa miaka 74 aliinjika sufuria ya maji kama afanyavyo kila siku. Yalipochemka akachukua unga wa ugali badala ya majani chai, akautia humo na kuanza kukoroga. Mjukuu wake alipomuuliza anapika nini, alimjibu kwa utulivu kwamba anawapikia watu waliokuja matanga. Hapakuwa na matanga. Kisha akamwita kijana huyo kwa jina la kaka yake, yeye mama mzee, aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Nilimwona saa nane mchana. Mimi ni daktari wa wodi ya watu wazima, na nimebadilisha mambo kadhaa ili mgonjwa huyu asitambulike. Nyumbani wanamwita Shosho, nami nitamwita hivyo.

Kila aliyemsindikiza alikuwa na jibu lake. Binti yake aliogopa kiharusi. Mjukuu alifikiria malaria, kwa sababu mwezi uliotangulia Shosho alikuwa Mwea. Jirani aliyewaleta kwa gari lake alisema ni uzee tu, wazee huanza hivyo. Lakini uso wake haukuwa umepinda na mikono yote miwili ilikuwa na nguvu sawa. Sukari ilikuwa 6.2, sawa kabisa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Na kuhusu uzee, nilimuuliza binti swali moja: "Wiki jana alikuwa hivi?" Akasema wiki jana Shosho alikuwa ndiye anayeweka hesabu ya chama chao. Uzee haumwingii mtu kati ya Jumapili na Jumatano.

Nikamwomba Shosho anitajie siku za juma akirudi nyuma kutoka Jumapili. "Jumapili," akasema, "Jumamosi, Ijumaa..." Akanyamaza, akatazama dirishani, kisha akaendelea, "Jumamosi, Jumapili, mwanangu, hao watu wameshakula?" Kipimo hiki kidogo hakihitaji mashine. Mtu aliyesahau mambo kwa sababu ya uzee mara nyingi huweza bado kushika uzi wa jambo moja kwa dakika moja. Aliyechanganyikiwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili hupoteza uzi huo mkononi, akaupata, akaupoteza tena.

Majibu ya damu, kile kipimo ambacho hospitali zetu huandika UEC, yalirudi baada ya saa moja na nusu. Sodiamu ilikuwa milimoli 114 kwa lita. Inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Potasiamu nayo ilikuwa chini, 2.9. Nilipomweleza binti, aliuliza swali ambalo karibu kila familia huuliza: "Kwa hiyo ni chumvi imemwishia? Tumemkatalia chumvi tangu aambiwe ana presha. Nimletee supu yenye chumvi?"

Ni swali zuri, na jibu lake ndiyo makala yote haya.

Sodiamu ndiyo nusu ya chumvi ya mezani, ile nusu ambayo mwili unaitazama zaidi. Lakini namba 114 haituambii Shosho ana chumvi kiasi gani mwilini. Inatuambia chumvi hiyo imekolea kiasi gani katika maji. Fikiria birika la chai lenye vijiko vinne vya sukari. Ukiongeza maji, chai inakuwa chapwa, ingawa vile vijiko vinne bado vimo vyote. Anayeonja kikombe kimoja anajua tu kwamba chai haijakolea. Hawezi kujua kama sukari ilitiwa kidogo au maji yalitiwa mengi. Maabara inapopima sodiamu inaonja kikombe kimoja. Na katika idadi kubwa ya wagonjwa ninaowaona, sukari imo ila birika limejazwa maji kupita kiasi.

Shosho alikuwa na kilo 49. Mwanamke wa umri wake hubeba maji kama asilimia 45 ya uzito wake, kwa hiyo tuseme lita 22. Theluthi mbili ya maji hayo yamo ndani ya seli, na theluthi moja yako nje yake, yaani katika damu na katika majimaji yanayozizunguka seli. Chumvi imekaa karibu yote huku nje, potasiamu imekaa ndani, na hazikukaa hivyo kwa bahati. Kila seli ina pampu ndogo katika utando wake zinazotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana. Maji hayana pampu. Yenyewe hupita kwenye utando na kuelekea upande uliokolea zaidi, hadi pande zote mbili zilingane.

Jambo hili ndilo la kushika kabla hatujaendelea. Kama damu imekuwa chapwa, maji hayatabaki kwenye damu yakisubiri. Yataingia ndani ya seli, ambako bado kumekolea, na seli zitavimba. Seli za mkono zikivimba kidogo, mkono hauna shida. Seli za ubongo zimefungiwa ndani ya fuvu.

Mwili una walinzi wawili wa mambo haya, na watu wengi hudhani ni mmoja. Wa kwanza anaangalia ukolezi. Anakaa chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, na ana ulimi mkali ajabu: damu ikikolea zaidi kwa asilimia moja au mbili tu, anajua. Hapo hufanya mambo mawili. Anakupa kiu, na anaagiza homoni iitwayo vasopresini imwagwe kwenye damu. Homoni hiyo ikifika kwenye mirija ya mwisho ya figo hufungua vijilango vya maji, maji yaliyokuwa yakielekea kibofu yakarudishwa mwilini, na mkojo ukawa mchache wa njano iliyokolea. Damu ikiwa chapwa, mlinzi huyu huzima vasopresini, vijilango vikafungwa, na mkojo ukatoka mwingi, mweupe kama maji ya bomba. Wakazi wa Nairobi wanaotumia choo mara tatu baada ya kunywa chupa kubwa ya maji wameiona kazi yake.

Mlinzi wa pili hajali ukolezi. Anaangalia wingi: je, mishipa imejaa vya kutosha kusukuma damu? Macho yake yako moyoni, katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua, na katika figo zenyewe. Akiona wingi umepungua, anaamuru figo zishike chumvi, kwa sababu chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Ukila nyama choma iliyojaa chumvi usiku wa Ijumaa, chumvi huikoleza damu kidogo, mlinzi wa kwanza anakupa kiu, unakunywa, na ukolezi unarudi palepale. Kilichobadilika ni kwamba sasa una maji zaidi, na pengine presha yako imepanda. Kwa hiyo kiasi cha chumvi mwilini ndicho kinachoamua una majimaji mengi kiasi gani, na kiasi cha maji ndicho kinachoamua namba ile ya maabara. Nilichukua miaka kulielewa hili vizuri, na bado naona wenzangu wazuri wakiteleza hapo.

Walinzi hawa wawili wakigombana, wa pili hushinda. Mtu akitapika au akiharisha sana hadi mishipa ikalegea, mwili utamwaga vasopresini hata kama damu tayari ni chapwa. Unachagua kuokoa presha kwanza, ukolezi baadaye. Kichefuchefu peke yake pia humwaga vasopresini kwa nguvu sana. Maumivu, nimonia, na baadhi ya dawa za mfadhaiko na za kifafa hufanya hivyo pia.

Sasa turudi kwa Shosho. Nilimwomba binti anionyeshe dawa zote, si kunitajia. Akamimina bahasha ya kaki juu ya kitanda. Kulikuwa na dawa ya maumivu ya magoti, na pakiti mpya ya tembe za presha. Wiki tatu kabla, kliniki ilikuwa imebadilisha tembe yake ya zamani ikampa iliyochanganywa, na mwishoni mwa jina lake kwenye pakiti kulikuwa na herufi HCT. Hiyo ni haidroklorothiazaidi, dawa ya kuongeza mkojo. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na imewakinga watu wengi na kiharusi. Lakini ina tabia moja inayopaswa kujulikana na kila anayeiandika na kila anayeimeza.

Ili figo litoe mkojo mwepesi, ule mweupe wa kumwaga maji ya ziada, kuna sehemu ya mrija wake ambayo kuta zake hazipitishi maji. Hapo figo huokota chumvi kutoka ndani ya mrija na kuirudisha kwenye damu, maji yakabaki peke yake kuendelea na safari ya kutoka. Haidroklorothiazaidi hufanya kazi mahali hapohapo. Huziba mlango unaookota chumvi, na ndiyo maana chumvi hutoka kwenye mkojo na presha ikashuka. Lakini kwa kuziba mlango huo inaliondolea figo uwezo wa kutengeneza mkojo mwepesi. Mgonjwa anakojoa, tena sana siku za kwanza, ila mkojo wake unatoka umebeba chumvi. Maji matupu, yale anayohitaji kuyamwaga, hayatoki ipasavyo.

Dawa peke yake isingemfikisha 114. Watu wengi sana humeza dawa hii bila shida. Nikauliza alikuwa akila nini. Binti akasita kidogo. Tangu wiki iliyopita Shosho alikuwa na kichefuchefu na hakutaka chakula. Alikunywa uji mwepesi wa wimbi asubuhi, chai ya rangi mchana na kipande cha mkate jioni. Nyama hapana, maharagwe hapana, chumvi hapana.

Watu hawategemei kwamba chakula kina uhusiano na kutoa maji, lakini uhusiano upo, tena wa hesabu kabisa. Figo haliwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe chembe za kitu fulani: chumvi, potasiamu, au yurea inayotokana na protini. Chembe hizo hupimwa kwa miliosmoli. Mtu anayekula vizuri, ugali na sukuma na maharagwe na kipande cha nyama, huzalisha miliosmoli kama 600 hadi 900 kwa siku. Figo zenye afya zinaweza kuzitandaza chembe hizo hadi 50 au 100 tu katika kila lita. Gawanya mwenyewe utaona: mtu huyo anaweza kukojoa zaidi ya lita sita, hata kumi, kwa siku. Ndiyo maana kijana mzima anayekunywa maji mengi hadhuriki, maadamu hayanywi yote kwa mkupuo.

Shosho kwa uji na mkate wake huenda alikuwa akizalisha chembe 250 kwa siku. Na kwa sababu ya dawa, figo zake hazikuweza kuzitandaza chini ya 250 kwa lita. Gawanya tena: lita moja. Hiyo ndiyo njia nzima ya kutokea iliyobaki kwa maji yake.

Kisha nikauliza alikuwa akinywa kiasi gani. Hapo mjukuu akajibu kwa fahari iliyoniuma moyo. Alikuwa amemnunulia shosho wake chupa ya lita moja na kumwambia aimalize mara mbili kwa siku, kwa sababu dawa inamkojoza sana na mdomo wake umekauka. Ukijumlisha na uji na chai, ilikuwa karibu lita mbili na nusu. Tuseme lita moja ilitoka kwa mkojo, na kama robo tatu ya lita ikapotea kwa jasho na pumzi. Robo tatu nyingine ikabaki ndani. Kesho yake vivyo hivyo.

Kama chumvi yake isingepungua hata chembe, kushuka kutoka 138 hadi 114 kungehitaji birika la lita 22 lijazwe hadi karibu lita 26 na nusu. Ni lita nne na nusu za ziada, kazi ya siku sita kwa mwendo ule. Lakini dawa ilikuwa pia imemtoa sodiamu na potasiamu kwenye mkojo kwa wiki tatu, kwa hiyo hakuhitaji maji mengi hivyo. Miguu yake haikuvimba, kwa sababu maji yalijigawa mwili mzima, mengi yakiingia ndani ya seli ambako jicho halioni. Na kile kichefuchefu, ambacho huenda kilikuwa dalili ya kwanza ya sodiamu kushuka, kilimwaga vasopresini na kuifunga zaidi njia ileile ya maji kutoka. Duara likajifunga.

Siku ya Jumanne familia ilimnunulia maji ya ORS kwenye duka la dawa. Nawaelewa, na nisingewalaumu. Lakini lita moja ya ORS ina sodiamu milimoli 75. Damu ya Shosho, hata baada ya kushuka vile, ilikuwa na 114. ORS imetengenezwa kwa anayeharisha, na kwake inaokoa maisha. Kwa Shosho yalikuwa maji mengine zaidi ndani ya birika.

Sasa, kwa nini akili ichanganyike? Maelezo ya kawaida ni kwamba ubongo unavimba. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Sodiamu ikishuka kwa saa chache, kwa mfano mkimbiaji wa mbio ndefu aliyekunywa maji kila kituo hadi akamaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza, ubongo huvimba bila kupata nafasi ya kujitetea. Kichwa kinauma vibaya, anatapika, anapata degedege, na anaweza kufa siku hiyohiyo.

Kwa Shosho namba ilishuka taratibu, kwa siku nyingi, na ubongo ukajitetea. Ulijitetea kwa namna moja tu iliyopo. Kwa kuwa maji hufuata ukolezi, seli za ubongo zilitupa nje vitu vyao ili zisiwe zimekolea kuliko damu. Katika saa za mwanzo hutupa sodiamu na potasiamu. Katika siku mbili zinazofuata huanza kutupa vitu vyenye thamani zaidi: glutamati, taurini, kreatini. Uvimbe unapungua, na mtu anaendelea kuishi akiwa na namba ambayo ingemuua mwingine kwa usiku mmoja.

Lakini glutamati si mzigo wa akiba. Ndiyo kemikali kuu ambayo seli moja ya neva hutumia kuiamsha nyingine. Ubongo ulioitupa glutamati ili usivimbe ni kama familia iliyouza jembe ili inunue unga. Umesalimika, ila haufanyi kazi ileile. Tena pampu zile za sodiamu na potasiamu na umeme wa neva hutegemea ukolezi wa pande zote mbili za utando, na pande zote mbili zimebadilika. Kazi zinazovurugika kwanza ni zile zinazohitaji sehemu nyingi za ubongo kuongea kwa wakati mmoja: kushika uzi, kujua leo ni lini, kutofautisha kilichopo na kilichokumbukwa. Ndiyo maana Shosho aliweza kukoroga sufuria kwa ustadi wake wote huku hajui anakoroga nini. Hata mwendo huvurugika. Binti alikumbuka baadaye kwamba tangu Jumapili mama yake alikuwa akitembea ameshika ukuta.

Kujitetea huko ndiko pia kunakofanya matibabu yawe na hatari ambayo haionekani. Ubongo uliotupa vitu vyake unahitaji siku kadhaa kuvirudisha. Ukiikoleza damu upesi kupita kiasi, maji yatatoka kwenye ubongo kwa kasi, seli zitanywea, na ala inayofunika nyuzi za neva inaweza kuharibika, hasa katika shina la ubongo. Kinachotisha ni kwamba mgonjwa huamka kwanza. Anazungumza, familia inafurahi. Kisha baada ya siku mbili hadi sita ulimi unakuwa mzito, anashindwa kumeza, mikono na miguu inalegea. Baadhi hawarudi tena kama walivyokuwa.

Kwa hiyo jioni ile tulikuwa na mambo mawili ya kufanya yanayovutana. Shosho alikuwa ametapika mara mbili pale mapokezi na alianza kusinzia, dalili kwamba ubongo uko mashakani, kwa hiyo hatukuweza kungoja. Tulimpa mililita 150 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kwenye mshipa, kwa dakika 20. Humo mna sodiamu milimoli 77. Ukizigawa kwa lita zake 22 na ushee, unatarajia namba ipande kwa takriban 3, na kupanda kidogo hivyo hutosha kuupunguzia ubongo shinikizo. Ilipanda hadi 117. Kusinzia kukaisha, kutapika kukakoma. Nikaandika kwenye faili kwa herufi kubwa: isipite 122 kabla ya kesho saa kumi jioni. Kupanda 8 kwa siku ndiyo mpaka wetu kwa mtu aliyekondeana na mwenye potasiamu ya chini, kwa sababu ubongo wake ndio ulio rahisi zaidi kuumia. Dawa ya HCT tukaisimamisha, na maji ya kunywa tukayapimia.

Hatari ilikuja saa tisa usiku, na ilikuja kwa sura ya habari njema. Muuguzi wa zamu aliona mfuko wa mkojo umejaa mkojo mweupe, mililita 350 kwa saa moja. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha, vasopresini ikazima. Dawa nayo ilikuwa inaisha nguvu, kwani tembe ya mwisho aliimeza Jumanne asubuhi. Figo zilikuwa zimepata tena uwezo wao, na zilikuwa zikimwaga maji yote kwa pamoja. Sodiamu ilipopimwa tena ilikuwa 121. Bila mtu kuutazama mfuko ule, asubuhi ingekuwa 128, na tusingeona kosa hadi wiki iliyofuata. Tulimrudishia maji kwenye mshipa, yale ya glukosi ya asilimia 5, kadiri alivyoyakojoa, tukapima kila baada ya saa nne. Hata potasiamu tuliyompa tuliihesabu kama sehemu ya ukolezi, kwa sababu ikiingia ndani ya seli sodiamu hutoka nje na namba hupanda. Kesho yake saa kumi jioni ilikuwa 122.

Siku iliyofuata ikawa 127, na siku ya sita 134. Supu ya binti iliingia siku ya tatu, pamoja na yai na maharagwe, nami niliikaribisha kwa sababu ya protini zake kuliko chumvi yake: chembe za kubebea maji nje.

Wengi wanaopatwa na hali hii wanafanana na Shosho. Ni wanawake zaidi, wazee, wembamba, katika wiki za kwanza baada ya kuanzishiwa dawa ya aina hii. Aliye nayo nyumbani asiiache kwa kusoma makala, kwa sababu presha isiyotibiwa nayo inaua. Lakini mzee akiwa ameanzishiwa tembe yenye HCT, au ndugu zake indapamaidi na klothalidoni, apimwe UEC kabla ya kuanza na tena baada ya wiki moja au mbili. Akianza kichefuchefu, kuyumba au kusema mambo yasiyoeleweka, apelekwe siku hiyohiyo, pamoja na bahasha yake ya dawa, na asilazimishwe kunywa maji njiani.

Shosho alitoka wodini baada ya siku saba akiwa na dawa nyingine ya presha na maagizo kwamba haidroklorothiazaidi asipewe tena, kwa sababu aliyeanguka nayo mara moja huanguka nayo tena. Kabla hajaondoka nilimwomba anitajie siku za juma akirudi nyuma. Alizitaja kutoka Jumapili hadi Jumatatu bila kupumua. Kisha akaniuliza kama leo ni Jumatano, kwa sababu Jumatano chama hukutana, na yeye ndiye mwenye daftari.